Mteja kafungiwa makabati ya jiko, sasa milioni 1.7 haitoki. Kianzio nilichukua. Nilikosea wapi?

Randa_Mpya (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za leo. Mimi ni fundi seremala, nina karakana ndogo huku Tabata, vijana wawili na mashine ya kukatia. Mwezi uliopita nilipata kazi ya makabati ya jiko kwa mteja wa Goba. Tulipatana 3,800,000 kwa kila kitu, vifaa na ufundi. Akatanguliza 1,500,000, nikaanza. Kazi ikiwa katikati akaomba nimwongezee kabati refu la kuhifadhia vyakula pembeni ya friji, nikamwambia hilo ni 400,000 akasema sawa. Nilipofikisha mzigo kwake akanitumia milioni 1 nyingine, nikafunga kila kitu siku mbili.

Siku namaliza akaniambia "fundi, nitakumalizia Ijumaa". Imepita Ijumaa ya tatu sasa. Mara mlango mmoja unalia, mara hajaridhika na rangi, mara hapokei simu. Ninamdai 1,700,000. Nimepiga hesabu nimekuta mfukoni nimetoa 2,700,000 mpaka mwisho wa kazi na nimepokea 2,500,000. Yaani nimefanya kazi wiki tatu halafu nimemwongezea laki mbili zangu juu.

Swali langu ni hili. Kianzio nilichukua, na malipo nilichukua kwa awamu kama wanavyosema. Mbona bado nimeliwa? Na kwa kazi zijazo nidai vipi bila kumkimbiza mteja?

---

Nyundo_Kichwani

Pole sana mkuu. Nenda usiku na bisibisi, ng'oa milango yote ubaki na maboksi. Atapiga simu mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi 😂

---

Mzee_wa_Kitaa

Huyo ni tapeli. Nenda kituo cha polisi fungua jalada la kujipatia huduma kwa udanganyifu. Akiitwa mara moja tu hela inatoka. Ila kosa ni lako, siku nyingine chukua nusu kwa nusu, nusu kabla na nusu baada. Ndiyo utaratibu wa dunia nzima.

---

Msumeno

Mkuu Randa_Mpya, pole. Mimi nina miaka 14 kwenye makabati, na nimeliwa kabla yako. Nianze na hao waliotangulia.

Nyundo anatania, lakini kuna watu watakuja kusema hivyo bila utani. Usiguse. Kabati likishafungwa ukutani kwake ukaingia kuling'oa bila ruhusa, kesi inageuka, wewe ndiye unayeitwa. Mzee wa Kitaa naye yuko sahihi nusu. Kama mtu alikudanganya tangu mwanzo, polisi wana kazi. Lakini mtu aliyekulipa 2,500,000 halafu akakwama kwenye mabaki, hilo ni deni. Ukifika kituoni wengi watakwambia "hayo ni madai, nenda mahakamani". Utapoteza siku na nauli.

Sasa swali lako, ambalo ni zuri kuliko majibu uliyopata. Kianzio ulichukua, ndiyo, lakini hakikufika hata kwenye bei ya vifaa. Tuandikie hapa: vifaa vya kazi ya mwanzo vilikugharimu kiasi gani, vibarua kiasi gani, usafiri kiasi gani? Bila hesabu hiyo tutakuwa tunapiga porojo.

---

Randa_Mpya

Asante mkuu Msumeno. Kazi ya mwanzo, bila lile kabati la nyongeza:

MDF, bawaba, reli za droo, vishikio, gundi na kubandika kingo: 2,150,000
Vibarua pale karakana: 180,000
Kirikuu pamoja na posho za siku mbili za kufunga: 120,000

Jumla 2,450,000. Lile kabati refu likala 250,000 nyingine. Vifaa vilivyopungua kwenye kianzio niliongezea kutoka kwenye hela ya kazi nyingine.

---

Msumeno

Umejijibu kwenye mstari wa mwisho. Uliongezea kutoka kwenye kazi nyingine. Tangu siku ile ukawa unamkopesha mtu wa Goba bila yeye kujua na bila wewe kujua.

Mimi siangalii asilimia kwanza. Ninachora kazi nzima kwenye daftari, siku ya kununua vifaa mpaka siku ya kukabidhi, halafu kila hatua ninajiuliza: akipotea leo, hela yangu iliyoko nje ni kiasi gani? Kwako ilikuwa hivi. Siku umetoka dukani na MDF, ulishatoa 2,150,000 umepokea 1,500,000. Uko nje 650,000 na hujawasha mashine. Siku unapakia kirikuu, umeshaweka vibarua na lile kabati jipya, uko nje karibu 1,080,000. Akakupa milioni ukaona amefanya uungwana, kumbe hakuwa amefika hata kwenye gharama yako.

Sasa chukua kazi hiyo hiyo ya 3,800,000 uipange upya. Kianzio asilimia 60, ambayo ni 2,280,000. Inanunua vifaa vyote na inabaki 130,000 ya kuwaanzishia vijana. Awamu ya pili asilimia 30, 1,140,000, nitaeleza inalipwa lini kwa sababu hapo ndipo kazi ilipo. Ya mwisho asilimia 10, 380,000. Ukifika siku ya kupakia umetoa 2,330,000 na umepokea 2,280,000. Uko nje elfu 50. Akipotea hapo, umepoteza nguvu zako, lakini karakana haifungwi. Akilipa ya pili kisha akagoma ya mwisho, umepoteza 380,000 kutoka kwenye faida ya 1,350,000. Inauma, ila unabaki na 970,000 yako.

Kwa hiyo ile "nusu kwa nusu" ya Mzee wa Kitaa inafaa kwa mtu anayeuza nguvu tu, kama mpaka rangi ambaye rangi kanunua mwenye nyumba. Kwa kazi ambayo vifaa vinakula zaidi ya nusu ya bei, nusu kwa nusu inakuweka nje siku ya kwanza, halafu inaacha nusu nzima ya hela mikononi mwa mtu ambaye tayari ana kabati lake ukutani.

---

Mama_Sufuria

Samahani mafundi, mimi niko upande wa pili, mteja. Asilimia 60 kabla sijaona hata msumari? Mwaka jana nilimpa fundi wa madirisha ya alumini 800,000. Akaja kupima, akapiga picha, akaondoka. Mpaka leo. Namba haipatikani, karakana aliyonionyesha kumbe ni ya rafiki yake. Mnalalamika kuliwa, na sisi je?

---

Nyundo_Kichwani

Mama Sufuria una hoja. Fundi ukimpa hela ya vifaa Jumatatu, Jumanne imeishia kwenye ada ya mtoto.

---

Msumeno

Mama Sufuria, karibu, na pole. Sikubishii. Fundi anayekula kianzio ndiye anayetuharibia sisi wote, maana mteja akishaumwa na nyoka hata jani linamshtua.

Ninapokutana na mteja mwenye hofu kama yako sibishani naye juu ya asilimia. Ninamwambia hivi: mama, twende dukani pamoja. Duka linatoa profoma, unalipa wewe mwenyewe kwa Lipa Namba ya duka, risiti inatoka kwa jina lako, mzigo unakuja karakana kwangu. Mimi mkononi nachukua hela ya ufundi tu. Kwa kazi ya Randa_Mpya, bei ukitoa vifaa inabaki 1,650,000. Ningeigawa 400,000 kuanza, 900,000 kabla ya kupakia, 350,000 ya mwisho. Mteja analala usingizi, na mimi sijaweka hata shilingi yangu kwenye MDF.

Ina hasara zake, nisikufiche. Punguzo ninalopewa dukani kama fundi linaonekana wazi, kwa hiyo kama ulikuwa unaweka faida kwenye vifaa, iingize kwenye ufundi mapema. Na wateja wengine wakishaona bei ya bawaba zinazojifunga taratibu wanataka zile za bei ya chini, kisha miezi sita baadaye milango imelegea na lawama ni zako. Andika kwamba bawaba kachagua yeye. Vipande vinavyobaki navyo semeni mapema ni vya nani. Niliwahi kununiana na mzee mmoja kwa kipande cha MDF kisichofika mita moja.

---

Bint_wa_Mkunazini

Assalaam alaykum. Huku kwetu Unguja hiyo mnayoiita kianzio wazee wanaiita arubuni. Na arubuni ilivyozoeleka, mnunuzi akighairi, imepotea, na muuzaji akighairi airudishe. Juu ya hukumu yake mashehe wamekhitalifiana, Hanbali wameiruhusu na wengi wengine hawakuiruhusu. Nauliza tu: mteja akighairi katikati, hizo asilimia 60 ni halali yenu zote?

---

Msumeno

Waalaykum salaam bi mkubwa. Hukumu ya dini siwezi kuigusa, waulizwe wenyewe. Ninavyofanya mimi: akighairi kabla sijanunua kitu, narudisha nabakiza elfu 80 ya kupima na kuchora. Akighairi nimeshanunua na sijakata, tunauza mzigo, hasara ya bei ni yake. Nikishakata, hairudi iliyotumika. MDF iliyokatwa kwa jiko la Goba haifai jiko la Mbezi. Hayo nayaandika kabla ya kupokea hela. Usiyaeleze siku mtu anapoghairi, hapo kila neno lako linasikika kama wizi.

---

Kodi_na_Mabano

Mimi sio seremala, natengeneza tovuti na programu za simu, niko Mwanza. Nafanya sana Upwork na huko hii shida ilishaisha. Mteja anaweka hela ya awamu kwanza, inashikiliwa na mtandao wenyewe, mimi nafanya kazi, nikikabidhi ana siku 14 za kukagua. Akikaa kimya siku hizo zikapita, hela inaachiwa. Kwa nini mafundi msifanye kitu kama hicho?

---

Msumeno

Kodi, kwa sababu nani atashikilia? Mjumbe? 😄 Tukipata mtu wa kushika hela ya makabati kwa uaminifu nitakuwa wa kwanza kujiunga. Lakini kuna kitu kimoja cha huko kwenu nakipenda. Nadhani nyie hamwanzi awamu mpaka muone hela imeshawekwa?

---

Kodi_na_Mabano

Ndiyo. Ukianza awamu haijawekewa hela umejitolea. Wateja wanajua kukwambia "anza tu, naweka jioni". Wapya ndio wanaolizwa hapo. Na ukimaliza lazima ukabidhi kwa kile kitufe cha mtandao wenyewe, ukituma faili kwa ujumbe tu hizo siku 14 hazihesabiki. Nilijifunza kwa dola 300.

---

Msumeno

Basi ni kitu kile kile. Randa_Mpya, nirudi kwenye ile awamu ya pili niliyosema kazi iko hapo.

Awamu nzuri ina sifa mbili. Ya kwanza, mtu yeyote akisimama mlangoni anaona kama imefika au haijafika. "Kazi ikifika nusu" sio awamu, maana nusu yako na nusu ya mteja ni vitu viwili. "Ukiridhika" ndiyo mbaya kuliko zote, umemkabidhi ufunguo wa hela yako. Mimi naandika: "maboksi yote 9 yameunganishwa, yamesimama karakana, milango imekatwa". Anakuja anayahesabu. Asipoweza kuja namtumia video, nimeweka futi kamba kwenye boksi la kwanza na la mwisho.

Ya pili, malipo yanakuja kabla ya hatua ambayo huwezi kuirudisha. Kwenye makabati hatua hiyo ni kirikuu. Mzigo ukiwa karakana, mna shida ya wote wawili: yeye ameshatoa asilimia 60 hana jiko, wewe una maboksi yasiyofaa kwa mtu mwingine. Ukishusha kwake umebaki na shida peke yako. Wewe ulipokea milioni baada ya kufikisha mzigo. Alikupa kwa hiari yake. Asingekupa ungefanya nini, ungerudi nao? Na kirikuu keshalipwa?

Ndiyo maana pia kianzio kidogo ni hatari hata kama una mtaji wako wa vifaa. Mtu aliyetoa laki mbili kwenye kazi ya milioni 3 anaweza kuiacha akapata fundi wa bei chee. Aliyetoa milioni 2 atakuja karakana mwenyewe bila kuitwa.

Kikomo chake: usidhani unaweza kushikilia mzigo miezi. MDF haipendi unyevunyevu, ikivimba kwenye kona umepoteza yote, na karakana ya Tabata haina nafasi ya jiko la mtu. Mimi naandika siku 14 tangu nimwite kuja kuona, baada ya hapo kila wiki elfu 20 ya kuhifadhi. Sijawahi kuidai. Kuiona tu imeandikwa inatosha.

---

Kaunta_Tatu

Niko Nairobi, nafanya welding ya mageti, sorry, kuchomelea mageti. Hapa kwetu ongeza moja: usipakie kwa sababu ya picha. Mtu ananitumia picha ya muamala wa benki, "nimeshatuma boss", nikafungua geti nikapeleka geti. Hela haikuwahi kufika. Na M-Pesa ikifika, angalia salio, usisome meseji tu, kuna meseji za kubuni zinafanana kabisa. Pia kuna wanaotuma halafu wanaomba irudishwe wakidai walikosea namba. Ukiipokea mwombe aandike "hii ni malipo ya geti" kwa WhatsApp.

Na deni likikwama, sisi tuna Mahakama ya Madai Madogo, inachukua mpaka shilingi milioni moja ya Kenya, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Nimepeleka mmoja, alilipa kabla ya siku ya kusikilizwa.

---

Mzee_wa_Kitaa

Kwa hiyo huku Tanzania tufanye nini, maana polisi mmenikatalia.

---

Msumeno

Mzee wangu sijakukatalia, nimekupunguza tu 😄 Huku deni kama hili la milioni 1.7 ni la Mahakama ya Mwanzo. Na zile meseji zake za "nitakumalizia Ijumaa" usifute hata moja. Tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi. Mtu anayeandika "nitakumalizia" amekiri kuna cha kumalizia.

Wengine wanaanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Hana nguvu ya kumlazimisha, lakini watu wengi hawapendi majirani wajue.

Kabla ya hapo lakini, Randa_Mpya, nina swali. Lile kabati la laki nne, alikubali wapi? Kwa maandishi?

---

Randa_Mpya

Kwa mdomo mkuu. Tulikuwa jikoni kwake napima upya, akasema "na hapa weka kabati refu", nikamwambia ni laki nne, akasema sawa. Jana amepokea simu kwa mara ya kwanza. Anasema yeye alielewa lile kabati liko ndani ya bei ya 3,800,000 na kwamba mimi ndiye ninayemtapeli.

---

Msumeno

Nilihisi. Mara nyingi hela ya mwisho haigomewi kwa sababu mtu hataki kulipa kabisa. Inagomewa kwa sababu kuna kitu kimoja mnabishana, na yeye ameshikilia nacho vyote.

Fanya hivi leo. Tenganisha. Usiandike neno "tapeli", usiandike mahakama bado. Mtumie ujumbe wa namna hii:

"Kaka, habari. Kazi tuliyopatana tarehe ya kwanza ni 3,800,000. Umeshalipa 2,500,000. Kwenye hiyo imebaki 1,300,000, ambayo hatubishani. Kabati refu la pembeni ya friji la 400,000 tulikubaliana jikoni kwako, tutalizungumza peke yake. Mlango unaolia nakuja kuurekebisha Jumamosi saa 4 asubuhi. Naomba 1,300,000 siku hiyo nikimaliza."

Ona ilivyokaa. Mlango umemtoa kwenye kisingizio, na laki nne haizuii tena milioni na laki tatu. Akijibu "sawa" una maandishi ya deni lisilobishaniwa.

Na kwa kazi zijazo, nyongeza yoyote ni kazi mpya yenye kianzio chake. Mteja akisema "na hapa weka kabati", jibu "sawa kaka, nakutumia bei sasa hivi", unatoka nje unaandika mistari miwili, na vifaa vyake hununui mpaka hela yake imeingia. Ile laki mbili na nusu uliyotumia kwenye kabati refu hukuwahi kuiombea hata senti.

---

Mama_Sufuria

Hapo fundi umesema kweli. Sisi wateja tukiongeza kitu huwa tunasikia bei kama mchezo. Nikitumiwa kwa maandishi naanza kufikiria kama kweli nakihitaji.

Ila mimi bado nina shida na hiyo asilimia 10 ya mwisho. Fundi wako akimaliza na milango haifungi, 380,000 inatosha kumrudisha? Atasema bora niiache niende kazi nyingine. Mimi ningetaka kubakiza angalau robo.

---

Msumeno

Hapo mama sina jibu la kukuridhisha. Ukibakiza robo kwenye kazi ya Randa_Mpya ni 950,000, na hiyo ni sehemu kubwa ya faida yake ya 1,350,000. Ukibakiza kidogo, fundi mvivu anakuacha na mlango unaolia. Ninachofanya mimi, siku ya kukabidhi tunapita pamoja, kila mlango unafunguliwa, kasoro zinaandikwa na anasaini. Analipa ya mwisho akibakiza bei ya kasoro zenyewe, kama ni bawaba mbili basi elfu 50, nami nina siku 7 kuzimaliza.

Ila hakikisha "kumaliza" hakutegemei mtu mwingine. Kuna mteja alinizungusha mwezi mzima akisubiri graniti, halafu fundi bomba wa sinki. Makabati yangu yalikuwa yamekamilika, yeye anasema jiko halijakamilika. Siku hizi nimeandika wazi: graniti, sinki na umeme havimo.

---

Kodi_na_Mabano

Na wateja makampuni? Mimi nimepata moja hapa Mwanza, wanasema sera yao hawatoi kianzio kwa mtu yeyote, wanalipa siku 30 baada ya ankara.

---

Kaunta_Tatu

Siku 30 za kampuni huwa 90.

---

Msumeno

Inategemea una mtaji kiasi gani wa kulala nje. Kwenye mikataba mikubwa kianzio hutolewa kwa dhamana ya benki au bima, lakini kwa sisi wadogo dhamana yenyewe ni gharama. Omba wakate kazi vipande vidogo, ankara kila kipande, na useme kipande cha pili hakianzi cha kwanza kabla hakijalipwa. Wengine wanaokataa kianzio wanakubali hilo kwa sababu kwao ni malipo baada ya kazi. Na wakikulipa pungufu kwa asilimia 5 usianze kugomba, angalia kwanza kama ni kodi ya zuio kwenye huduma. Dai cheti chake.

Mimi mwenyewe kampuni niliziacha. Labda nilikosea.

---

Randa_Mpya

Wakuu mrejesho, nimekawia kidogo.

Nilituma ule ujumbe neno kwa neno. Alikaa kimya siku moja akajibu "njoo Jumamosi". Mlango ulikuwa bawaba imeshuka, dakika kumi nikamaliza. Akanitumia 800,000 nikiwa pale pale, nikaangalia salio kabla ya kumshukuru. 500,000 anasema mwisho wa mwezi, nikamwomba aandike, ameandika. Laki nne ya kabati refu hataki kuisikia. Mke wake alisimama pale akasema "lakini si fundi alikwambia nikisikia", akanyamazishwa.

Kazi mpya: wateja wawili wiki hii. Wa kwanza nilipomtajia asilimia 60 akasema atanipigia, hajapiga. Wa pili wa Kinyerezi amekubali kulipa duka mwenyewe, kesho saa tatu tunakutana dukani. Kwenye ufundi amenishusha, anataka kutoa 300,000 ya kuanza badala ya 400,000. Nikubali?

---

Msumeno

Vijana wako karakana watakula kiasi gani mpaka siku ya kupakia?

---

Randa_Mpya

210,000.

---

Msumeno

Kubali. Lakini hiyo laki aliyoishusha iongeze kwenye ile ya kabla ya kirikuu, sio kwenye ya mwisho.

---

Nyundo_Kichwani

Na laki nne ya Goba? Bisibisi ninayo 😂

---

Randa_Mpya

Hiyo bado naifikiria. Mwisho wa mwezi nione kwanza hiyo 500,000 kama itaingia.